Kukata Hotuba kwa Maandishi, na Silabi Isiyopaswa Kupotea

Tuseme mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho amehutubia mkutano mkuu kwa dakika 42, na kamera imerekodi yote. Wanachama ambao hawakufika wanaomba kipande cha dakika 3 cha kutumiana kwa simu, chenye mambo matatu tu: bei, namna ya malipo na siku ya mnada. Zamani mhariri wa video angeisikiliza hotuba tangu mwanzo, akiandika daftarini dakika na sekunde za kila sentensi anayoitaka, kisha angerudi kuzitafuta moja moja. Siku hizi kompyuta humwandikia hotuba yote, naye huisoma kama barua. Sentensi asiyoitaka anaifuta kwenye maandishi, na picha na sauti yake vinaondoka papo hapo.

Siri ya kazi hii iko kwenye saa. Programu inaponukuu hotuba, kila neno hulipa nyakati mbili, ya kuanza na ya kuisha. Ukilifuta neno, programu huondoa kila kilichomo kati ya nyakati hizo na kuziunganisha ncha mbili zinazobaki. Descript ilijengwa juu ya wazo hilo, na mwaka 2023 Adobe iliingiza uhariri wa namna hii ndani ya Premiere Pro, ingawa Kiswahili hakikuwamo katika lugha ambazo programu hiyo ilizinukuu. Ndiyo maana wahariri wengi wa Kiswahili hunukuu kwanza kwa Whisper, programu ya bure ambayo OpenAI iliitoa Septemba 2022 na ambayo huendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kwanza sauti hutolewa kwenye video, kisha hunukuliwa:

```
ffmpeg -i hotuba.mp4 -ac 1 -ar 16000 hotuba.wav
whisper hotuba.wav --language sw --model large-v3 --word_timestamps True --output_format all
```

Usiache kuitajia lugha. Isipotajiwa, Whisper huibashiri kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, na hotuba zetu nyingi hufunguliwa kwa salamu za dini au kwa itifaki yenye Kiingereza ndani yake. Mwenyekiti akianza kwa Assalaam aleikum ndefu, kompyuta yaweza kuamini kwamba mtu huyu anasema Kiarabu, na hotuba nzima ikaharibika kwa kosa la nusu dakika.

Hata baada ya kuitajia lugha, maandishi yatakuwa na makosa. Toleo la kwanza la Whisper lilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini sauti ya Kiswahili iliyoambatana na maandishi ya Kiswahili haikufika saa 10 kati ya hizo. Kwa hiyo utaona “wana nchi” badala ya wananchi, na stakabadhi ghalani imeandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Kangomba, neno ambalo kila mkulima wa korosho analijua, litatoka kama jina la mtu. Makosa haya yanaudhi, lakini hayadhuru sana, kwa sababu macho huyaona mara moja. Linalodhuru ni lile lililoandikwa vizuri, lenye sarufi safi, ambalo halikusemwa.

Mwenyekiti alisema hivi: “Sisi kama chama hatutamlipa mkulima fedha taslimu mezani. Malipo yote yatapitia akaunti ya benki.” Kompyuta ikaandika: “Sisi kama chama tutamlipa mkulima fedha taslimu mezani.” Silabi moja imedondoka, na ahadi imegeuka kinyume chake. Mhariri anayetafuta sentensi za malipo atakutana na hii ya kwanza, ataiona fupi na nzuri, na huenda akaiandika hivyo hivyo kama maneno ya chini ya picha.

Kosa hili lina sababu zake. Sauti ya h ni pumzi tu, na katika ukumbi mpana, maiki ikiwa mbali na mdomo, pumzi hiyo hailifikii kinasa sauti. Wapo pia wasemaji wengi wanaoiacha kabisa wakiongea haraka, wakatamka “atutamlipa”. Halafu tazama neno lililotangulia: chama. Linaishia na a, na linalofuata sasa linaanza na a. Irabu mbili zinazofanana zinashikana, na kilichobaki masikioni ni “chamaatutamlipa”. Kompyuta inapaswa kuchagua pa kukata, nayo huchagua mfuatano unaoonekana wa kawaida zaidi.

Hatari hii si sawa katika nyakati zote za kitenzi, na hapa ndipo mhariri anayeijua lugha yake anapoweza kujiokoa kazi. Katika wakati uliopita, ukanushi una alama mbili: tulilipa hugeuka hatukulipa. Hata ha ikipotea, ku itabaki kukushtua. Tumelipa huwa hatujalipa, na tunalipa huwa hatulipi; kila mara kuna kitu cha pili kinachobadilika ndani ya neno au mwishoni mwake. Lakini katika wakati ujao hakuna mlinzi wa pili. Tutalipa na hatutalipa, watapewa na hawatapewa, itafungwa na haitafungwa, zote zinatofautiana kwa silabi ya mbele peke yake. Atalipa na hatalipa zinatofautiana kwa pumzi tu. Nitalipa na sitalipa zinatenganishwa na konsonanti moja. Na wakati ujao ndio wakati wa hotuba: ahadi, ratiba, onyo, makadirio. Ongeza na vile vifupi vya kumiliki na kuwapo, tuna na hatuna, ana na hana, kuna na hakuna, pamoja na ni na si.

Kwa hiyo usianze kusahihisha kutoka juu kwenda chini. Anza kwa kuwinda vitenzi vya wakati ujao. Amri hii itakuonyesha kila mstari wenye mwanzo wa namna hiyo:

```
grep -niE "\b(ni|si|u|hu|a|ha|tu|hatu|m|ham|wa|hawa|i|hai|ya|haya|zi|hazi|li|hali|ki|haki|vi|havi|ku|haku|pa|hapa)ta" hotuba.srt
```

Italeta pia mtaji, utaratibu na wataalamu, ambayo utayaruka. Vitenzi vilivyobaki visikilize kimoja kimoja, kwa hedifoni, tangu sekunde mbili kabla ya neno. Na usikilize huku umefumba macho au umegeuka pembeni. Hili nalisisitiza kwa sababu macho hulidanganya sikio: ukisoma “tutamlipa” huku unasikiliza sauti hafifu, utasikia tutamlipa. Sema kwa mdomo ulichosikia, kisha ndipo ulinganishe na maandishi. Sikio likibaki na shaka, sentensi ya jirani husaidia. Mtu aliyesema malipo yote yatapitia benki hakuwa ameahidi fedha mezani sekunde tatu kabla.

Faili la JSON linalotoka pamoja na maandishi humpa kila neno kipimo cha uhakika kati ya 0 na 1, na wapo wanaosahihisha yale ya chini tu. Mimi sikubaliani na njia hiyo kwa Kiswahili. Neno kama tutamlipa ni la kawaida mno, na kompyuta yaweza kuliandika kwa uhakika mkubwa wakati imekosea. Asilimia ya makosa nayo haikwambii uzito wake. Tuseme hotuba hii ina maneno 5,000. “Wana nchi” badala ya wananchi itahesabiwa makosa mawili, moja la neno lililobadilishwa na jingine la neno lililoongezwa, na hakuna atakayedhurika. “Tutamlipa” badala ya hatutamlipa litahesabiwa kosa moja kati ya 5,000.

Baada ya vitenzi, pitia tarakimu. “Elfu mia mbili” ni 200,000, na “elfu na mia mbili” ni 1,200. Kilicho kati yake ni na moja inayosemwa upesi. Saa nazo ziangalie kwa makini, maana saa mbili ya mwenyekiti ni saa mbili asubuhi, na haifai iandikwe 2:00 kwenye video itakayotazamwa na watu wanaosoma saa za simu. Kisha pitia sehemu za makofi, vigelegele na ukimya. Whisper ina tabia ya kuandika maneno mahali ambapo hakuna aliyesema, au kurudia sentensi moja mara nyingi mfululizo. Watafiti waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2024 kuhusu rekodi za Kiingereza walikuta maneno ya kubuniwa kabisa katika takribani asilimia 1 ya vipande walivyonukuu. Palipo na shangwe, futa kila neno usilolisikia mwenyewe.

Sasa maandishi ni safi, na unaanza kukata. Hapa silabi ile ile inakuja kuwindwa mara ya pili, safari hii na kisu. Nyakati za maneno ambazo kompyuta inaziandika si kamili. Mara nyingi zinapishana na sauti halisi kwa sehemu ya kumi au mbili za sekunde. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, sehemu mbili za kumi ni fremu 5. Silabi ha inayotamkwa upesi yaweza kuishi muda huo tu, au pungufu. Ukiyafuta maneno “Sisi kama chama” ili kipande kianze na “hatutamlipa”, programu yaweza kukata fremu 5 ndani ya neno, na mtazamaji akamsikia mwenyekiti mwenyewe, kwa sauti yake, akisema “tutamlipa”. Maandishi ni sahihi, sauti imekuwa ya uongo.

Dawa yake ni kutokata mlangoni mwa kitenzi kikanushi. Bakiza “Sisi kama chama”, hata kama yanakula sekunde moja. Kwa jumla, kata pale msemaji anapovuta pumzi, na acha fremu 3 hadi 5 za ziada kabla ya neno la kwanza. Kisha toka kwenye maandishi, ivute picha ya wimbi la sauti, na uhakikishe kwa macho na masikio kwamba neno limeanza baada ya mkato. Picha ikiruka, ifunike kwa picha ya wasikilizaji, huku sauti ya ukumbi ikiendelea chini yake.

Kuna pia mikato ambayo haikosei silabi lakini inakosea maana. Mwenyekiti akisema, “Wapo wanaodai kwamba mnada utaahirishwa,” na wewe ukafuta maneno matatu ya mwanzo, umemfanya yeye ndiye mdai. Kwenye maandishi kishawishi ni kikubwa, kwa sababu sentensi iliyobaki inasomeka vizuri. Kila unapofuta kichwa cha sentensi, tazama kama hakikuwa ndicho kinachosema maneno ni ya nani.

Kabla ya kutuma kipande hicho cha dakika 3, mwite mtu ambaye hajasoma maandishi, mpe hedifoni, mwache asikilize mpaka mwisho, kisha muulize mwenyekiti ameahidi nini na amekataa nini. Jibu lake likitofautiana na rekodi ya dakika 42, usitume. Na rekodi hiyo nzima ihifadhi pamoja na maandishi yaliyosahihishwa, kwa sababu mwanachama atakayebisha juu ya malipo ana haki ya kuisikia.