Je, Wajua? Tabasamu Laweza Kupotosha Kipimo cha Maumivu

Mtoto asiyeweza kueleza maumivu yake kwa namba huonyeshwa picha za nyuso, achague moja. Kipimo maarufu cha Wong na Baker, kilichobuniwa Marekani miaka ya 1980, kina nyuso sita: uso wa kwanza unatabasamu, wa mwisho una machozi. Kasoro iko kwenye ncha hizo mbili. Mtoto asiyeumwa lakini anayeogopa sindano hajioni kwenye tabasamu, hivyo huchagua uso wa mbele zaidi, na muuguzi huandika 4 badala ya 0. Mvulana aliyefundishwa kutolia naye huweza kuukwepa uso wenye machozi hata akiwa ameumia vibaya.

Mwaka 2001 kilichapishwa kipimo kingine cha nyuso sita, kisicho na tabasamu wala machozi. Uso wa kwanza umetulia tu. Anayepima hatakiwi kutamka “furaha” wala “huzuni”. Kabla ya kupima, mwombe mtoto aonyeshe uso wa mtu asiyeumwa kabisa, kisha wa anayeumwa mno. Akichanganya, usiitegemee alama atakayochagua.