Picha moja ya jiwe la Liuli, matangazo matatu: ikate hivi

Una nyumba ya wageni Liuli, na picha ya lile jiwe lililowafanya Wajerumani waiite bandari hiyo Sphinxhafen. Umeipiga simu ikiwa mlalo, pikseli 4000 kwa 3000. Je, inafaa kila mahali?

Stori ni wima, 9:16. Ukikata, upana unabaki pikseli 1687 tu, chini ya nusu. Jiwe likiwa pembeni, ndiyo basi tena. Maandishi yasikae juu kabisa wala chini kabisa. Instagram huweka jina la akaunti na sehemu ya kujibu hapo.

Bango la mtandaoni la 3:1 hubakiza upana wote, ila urefu unashuka hadi 1333. Anga na maji vinapungua.

Bango la kuchapa la A3 lina urefu wa sentimita 42. Pikseli 3000 zinatoa kama 180 kwa inchi, ukutani inatosha. Ukimpa mchapaji stori yenye upana wa 1080, zinabaki kama 92, na herufi zitaonyesha ngazi.

Kwa hiyo rudi nyuma hatua chache, jiwe likae katikati, piga wima na mlalo. WhatsApp hubana picha, hivyo mtumie mchapaji faili halisi kama Document.