Rangi ya Chungwa Ilikuwamo Tangu Mwanzo

Binti aliingia saluni Jumamosi asubuhi akiwa na picha kwenye simu. Ilikuwa ya mwanamke mwenye nywele za kahawia hafifu, zenye ubaridi wa majivu, bila hata dalili ya wekundu. Zake mwenyewe zilikuwa kahawia iliyokoza, karibu nyeusi akiwa kivulini, na hazijawahi kuguswa na dawa, hina wala piko. Dakika 40 baada ya kupakwa blichi, msusi alizisuuza, akafungua taulo, na sote watatu tukatazama kioo: yeye, mteja wake, na mimi niliyekuwa nasubiri zamu. Kichwa kilikuwa cha rangi ya chenza.

"Dada, umenitia rangi gani hii?"

"Sijakutia rangi yoyote, mdogo wangu. Nimetoa tu."

Jibu lile lilisikika kama la mtu anayekwepa lawama, lakini lilikuwa sahihi kabisa. Ndani ya pakiti ya blichi hamna rangi ya chungwa. Binti alikuja nayo kutoka nyumbani.

Ukitaka kuliamini hilo, pika chai ya rangi iliyokolea mpaka ionekane nyeusi kwenye kikombe. Mimina kidogo kwenye glasi, uongeze maji ya moto, uitazame dhidi ya mwanga. Itakuwa nyekundu ya damu ya mzee. Ongeza maji tena, itageuka rangi ya chungwa. Ongeza zaidi, nayo itakuwa manjano, kisha manjano hafifu kama ya mkojo wa mtu anywaye maji mengi. Hukubadilisha majani wala hukutia kitu kingine. Umepunguza tu kiasi cha chai iliyo kwenye njia ya mwanga.

Unywele mweusi au wa kahawia hufanya vivyo hivyo. Chini ya magamba ya nje, yaliyopangana kama vigae vya paa, kuna sehemu nene ya ndani iliyojaa chembechembe za rangi iitwayo melanini. Aina iliyo nyingi kwenye nywele nyeusi na za kahawia ni eumelanini. Hii humeza mwanga wa kila rangi, lakini ina uroho zaidi kwa buluu na kijani kuliko nyekundu. Zikiwa nyingi, hazibakishi kitu, na jicho linaona giza. Zikianza kupungua, mwanga mwekundu ndio wa kwanza kuponyoka. Zikipungua zaidi, kijani kidogo nacho kinapita, kikichanganyika na nyekundu jicho linaona chungwa. Mwishoni kinachomezwa ni buluu peke yake, na kinachobaki ni manjano. Kuna pia aina ya pili, feomelanini, ambayo yenyewe ina wekundu na umanjano, nayo ni ngumu kidogo kung'oka kuliko mwenzake. Kwa hiyo eumelanini inapoondoka, feomelanini bado ipo, ikiuzidishia unywele ule joto.

Hata jua hufanya kazi hiyo, polepole. Watoto wanaoshinda ufukweni wakiogelea huwa na ncha nyekundunyekundu, na hakuna aliyewapaka kitu.

Blichi ya saluni inaharakisha tu. Unga wake una chumvi za persalfeti na magadi ya kuyafumua yale magamba ya nje. Unachanganywa na peroksaidi, ile chupa yenye maandishi ya 20 au 30. Namba hiyo inahesabu oksijeni: lita moja ya namba 20 ikiachia oksijeni yake yote hutoa lita 20 za gesi, na nguvu yake ni asilimia 6. Namba 30 ni asilimia 9. Mchanganyiko ukiingia ndani unazivunja chembe za melanini vipandevipande mpaka zinakuwa ndogo, hazina rangi, na zinatoka na maji. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kahawia iliyokoza lazima ipite kwenye nyekundu, kisha chungwa, kisha manjano. Anayesimama katikati ya safari anasimama kwenye chungwa.

Kile kinachoonekana baada ya blichi, kabla ya kutiwa kitu kingine, ndicho wasusi wanachokiita rangi ya chini. Kwenye vipimo vya rangi za mirija, 1 ni nyeusi na 10 ni hafifu kuliko zote. (Usichanganye na namba za wigi na nywele za kusukia, 1B, 4, 27, 613, hizo zina ukoo wao mwingine.) Nywele zilizopaushwa mpaka 4 chini yake ni nyekundu. Kwenye 5 ni nyekundu inayoelekea chungwa, 6 ni chungwa yenyewe, 7 ni chungwa ya manjano, 8 ni manjano. Kwenye 9 na 10 unafika kwenye umanjano hafifu wa upande wa ndani wa ganda la ndizi. Hapo ndipo mwisho. Protini yenyewe ya unywele, keratini, ina umanjano kidogo. Anayesaka weupe wa karatasi kwa blichi peke yake ataishia kuvunja unywele kabla hajaufikia.

Sasa turudi kwa binti wetu. Nywele zake zilikuwa 4, picha yake ilikuwa 8 yenye majivu. Msusi alichanganya unga gramu 30 na peroksaidi namba 20 mililita 60, akaanza kupaka kwenye mizizi akishuka kuelekea ncha. Hapo alikosea, na kosa lake lilisomeka kichwani kama ramani. Sentimita moja au mbili za karibu na ngozi hupata joto la mwili, na blichi inapenda joto. Mizizi ilikuwa imefika 7, chungwa ya manjano. Katikati ilikuwa 6. Ncha, zilizopakwa mwisho, zilikuwa bado 5 zenye wekundu. Angeanza katikati na ncha, akaacha mizizi ya mwisho, mistari ile mitatu isingekuwepo. Kosa la pili lilikuwa dogo lakini la kawaida: hakufuta. Blichi nyeupe iliyotanda juu inaficha kilicho chini yake, kwa hiyo kila dakika 10 inabidi ufute shungi moja kwa kitambaa chenye maji, ulitazame, kisha ulipake tena. Na ikikauka imekufa, haipaushi tena hata ukiiacha mpaka Isha.

Binti alikuwa na dawa yake tayari mkobani: shampuu ya zambarau, aliyoisikia kwa rafiki. Hiyo ingempotezea fedha. Ili kuizima rangi unaweka ile inayoikamilisha. Manjano huzimwa na zambarau, chungwa huzimwa na buluu, nyekundu huzimwa na kijani. Zambarau ni dawa ya kichwa kilichofika 9 chenye umanjano usiotakiwa. Juu ya chungwa haifanyi kitu cha maana, kwa sababu zambarau yenyewe ina nyekundu ndani yake, na wekundu ndio uliokuwa umezidi.

Neno "kuzima" nalo linapotosha. Buluu haiifuti chungwa. Chungwa ni nyekundu na manjano, ukiiongezea buluu unapata zote tatu pamoja, na rangi tatu za msingi zikichanganyika kwenye nywele, kama kwenye sahani ya mchoraji, zinatoa kahawia. Yaani kichwa kimeongezewa rangi juu ya ile iliyokuwepo, hivyo hakina budi kuwa cheusi kidogo kuliko kilivyokuwa. Ndiyo sababu mtu akichukua mrija wa majivu wa 8.1 na kuupaka juu ya chungwa ya 6, anaondoka na chungwa iliyochafuka. Rangi ya 8 ina buluu kidogo mno, imepimwa kwa ajili ya sakafu ya manjano hafifu. Haiwezi kuimeza chungwa nzito.

Kwa hiyo msusi alikuwa na njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kupausha tena mpaka 8, lakini si siku ile. Unywele uliokwishapigwa mara moja unahitaji wiki kadhaa za kupumzika, na kabla ya kurudia unavuta unywele mmoja ukiwa umelowa. Ukinyumbuka kama ubani uliotafunwa na haurudi, hakuna blichi tena. Njia ya pili ni kuikubali chungwa na kuitumia: juu ya 6 rangi ya shaba au karameli hukaa vizuri na hung'aa, maana sakafu inaisaidia. Ya tatu ni kushuka, yaani kutafuta majivu ya kiwango kilekile cha 6.

Binti hakutaka kusikia habari ya shaba. Basi msusi alichanganya blichi mpya kidogo, akaipaka kwenye ncha tu, akifuta na kutazama, na baada ya dakika 15 ncha zikaifikia katikati. Akasuuza, akazikausha kwa taulo, akatia 6.1 yenye buluu pamoja na peroksaidi hafifu ya namba 10, ambayo ni asilimia 3. Mizizi ya 7 ilifunikwa bila shida kwa kuwa 6 imekoza kuliko 7. Dakika 20 baadaye zilikuwa kahawia ya wastani, baridi, zimelingana juu mpaka chini, hafifu kuliko alizokuja nazo kwa hatua mbili. Hazikufanana na picha. Zilifanana na kile sakafu yake ingeweza kubeba siku hiyo.

Kama angekuja amejipaka hina kutoka dukani, mambo yangekuwa mengine. Baadhi ya hina na piko za pakiti zina chumvi za madini, na hizo zikikutana na peroksaidi zinaweza kuchemka na kuunguza. Msusi mwangalifu hukata unywele kidogo kisogoni, akautumbukiza kwenye kikombe cha peroksaidi na blichi. Ukifukuta au kupata moto, kazi inaishia hapo. Na kichwa kilichotiwa dawa ya kunyoosha ni hatari ya aina yake, kwani dawa ile imekwishafungua viungo vya ndani ambavyo blichi inakuja kuvifungua tena.

Nilimkuta binti yule sokoni kama wiki tano baadaye. Chungwa ilikuwa imeanza kuchungulia, hasa kwenye ncha. Chembe za rangi ya buluu husombwa kidogo kidogo kila aoshapo nywele, lakini melanini iliyovunjwa hairudi, hivyo sakafu inajitokeza tena. Aliniuliza kama msusi alimtilia rangi feki. Nikamwambia sivyo, anunue shampuu ya buluu badala ya ile ya zambarau, atumie mara moja kwa wiki. Akaniambia ile ya zambarau amekwishaimaliza.