Tonge Likiziba Njia ya Hewa

Mtu aliyezibwa na tonge hapigi kelele. Wengi hatulijui hilo, na tunaposubiri kelele muda unapita. Tunatazamia kikohozi, machozi na mkono unaogonga meza, lakini hizo ni dalili za mtu aliyepaliwa ambaye hewa yake bado inapita. Aliyezibwa kabisa hunyamaza ghafla, tena pengine katikati ya neno. Hushika shingo kwa mikono, macho humtoka, na mara nyingi huinuka kwenda nje au msalani kwa aibu ya kuwasumbua wenzake. Hawezi kuomba msaada kwa sababu sauti hutokana na hewa inayopita kwenye nyuzi za sauti, na hewa hiyo haipiti.

Ukimya huo uliwahi kuwadanganya hata madaktari. Mwaka 1963, Roger Haugen, daktari aliyechunguza sababu za vifo jimboni Florida, Marekani, aliandika habari za watu 9 walioanguka na kufa wakiwa wanakula mgahawani. Walioshuhudia walidhani ni moyo. Maiti zilipopasuliwa, kilichokutwa ni chakula kilichoziba koo, hasa vipande vikubwa vya nyama.

Chakula hufikaje pale? Hewa na chakula hupita koo moja, kisha njia hugawanyika. Mbele kuna koromeo linaloingia kwenye mrija wa hewa, na nyuma kuna umio unaoshuka tumboni. Kila tunapomeza, pumzi husimama kwa muda mfupi, koromeo hupanda juu, kidakatonge hulala na kufunika mlango wake, na nyuzi za sauti hukutana chini yake. Weka kidole kwenye koromeo lako umeze mate, utalisikia likipanda na kushuka. Tonge likishapita, kwa kawaida jambo la kwanza tunalofanya ni kutoa pumzi, na pumzi hiyo hufukuza mabaki yaliyobaki mlangoni.

Mpango huo huvurugika mtu anapovuta hewa ghafla huku chakula kikiwa bado mdomoni, kwa mfano anapocheka, anaposhtuka, au anapotaka kumjibu mwenzake kabla hajameza. Mlango uko wazi, hewa inaingia kwa kasi, na kipande kinavutwa nayo. Punje ya wali hupita ikaamsha kikohozi. Kipande cha nyama kisichotafunwa vizuri hakipiti, kwa sababu uwazi ulioko kati ya nyuzi za sauti za mtu mzima ni mwembamba, hautoshi kidole gumba. Kipande hunasa juu yake na kukaa kama kizibo kilicholowa mate. Ndiyo maana wenye meno machache, wenye meno ya bandia na waliolewa wamo hatarini zaidi: wa kwanza hawatafuni vya kutosha, na walevi koo lao huchelewa kushtuka.

Sasa tukitazame kikohozi, kwa sababu ndiyo silaha aliyozaliwa nayo mtu. Kikohozi kizuri huanza kwa kuvuta hewa nyingi, inayoweza kufika lita mbili na nusu. Kisha nyuzi za sauti hujifunga kabisa, misuli ya tumbo na ya mbavu hukaza, na hewa iliyofungiwa hubanwa. Kwa kipimo kilekile tunachopimia presha ya damu, msukumo ndani ya mapafu unaweza kufika 100 au kupita. Hapo nyuzi hufunguka kwa ghafla, na hewa hutoka kwa kasi kubwa ikisomba kilichoko njiani.

Tazama kwamba hatua ya kwanza ni kuvuta hewa ndani, na hapo ndipo aliyezibwa anaposhindwa. Hawezi kuongeza hewa, kwa hiyo anabaki na ile iliyokuwemo tonge lilipoingia. Misuli ya kutoa pumzi hupata nguvu mapafu yakiwa yamejaa na kifua kimetanuka. Kifua kikiwa kimeshuka, nguvu hiyo hupungua. Tena kila anapojaribu kuanza kikohozi upya, mwili wake unavuta. Mvuto wa mtu anayetapatapa kwa kukosa hewa ni mkali, na unalikaza tonge palepale au kulishusha zaidi. Jitihada zake zenyewe zinamfungia mlango.

Hata hivyo mapafu yake si matupu. Mtu mzima akitoa pumzi kawaida, bila kujikamua, hubakiwa na hewa lita mbili na zaidi kidogo ndani ya mapafu. Nusu yake hivi haitoki hata mtu ajikamue vipi, lakini lita moja hivi inaweza kusukumwa nje. Lita hiyo moja ndiyo akiba ya kumwokolea. Anachokosa ni nguvu ya kuitumia, na nguvu hiyo inaweza kutoka kwa mtu mwingine.

Henry Heimlich, daktari mpasuaji wa Cincinnati, Ohio, aliifikia hoja hiyo miaka ya 1970. Aliwalaza mbwa kwa dawa ya usingizi, akawaingizia mpira wa kupumulia kooni na kuuziba upande wa nje ili uwe mfano wa tonge. Kubana kifua hakukumpa alichotaka. Aliposukuma chini ya mbavu kuelekea juu, mpira uliruka nje. Mbinu yake ilichapishwa mwaka 1974, na baadaye ilipimwa kwa watu. Kila msukumo ulitoa kwa wastani hewa ya mililita 940 katika robo sekunde hivi. Hiyo ni karibu ile lita moja ya akiba.

Kinachotendeka ndani ni hiki. Kati ya mapafu na tumbo kuna kiwambo, misuli mipana iliyotandazwa kama paa la tumbo. Chini yake kuna ini, mfuko wa chakula na matumbo, vitu laini vilivyojaa maji, na maji hayabanwi yakapungua. Ukisukuma kwa ghafla kwenye chembe cha moyo kuelekea juu, vitu hivyo havina pa kwenda ila kukiinua kiwambo. Kiwambo kikipanda, nafasi ya mapafu inapungua, hewa inabanwa, na njia pekee ya kutokea ni ile iliyozibwa. Msukumo unalipiga tonge kutoka chini, upande ambao mtu mwenyewe hawezi kuufikia.

Lakini vipimo hivyohivyo vinatufundisha jambo ambalo wengi hawalijui. Msukumo wa tumboni ulipandisha presha ya hewa kwa wastani hadi 31 tu, wakati kikohozi kizuri kinafika 100. Maana yake, anayekohoa kwa nguvu anajisaidia vizuri kuliko utakavyomsaidia. Usimkumbatie, usimpe maji wala ndizi ya kusukumizia. Mwambie aendelee kukohoa, na ukae karibu naye. Kazi yako inaanza kikohozi kinapolegea, kinapokuwa cha kimyakimya, au anaposhindwa kusema.

Tuchukue mfano wa mezani. Mzee anakula pilau harusini, anasimuliwa kichekesho, anacheka, ananyamaza. Mikono imekwenda shingoni. Kijana aliye karibu anamwuliza, "Babu, umepaliwa? Unaweza kusema?" Mzee anatikisa kichwa bila sauti. Hesabu ya hewa yake ni hii: katika zile lita mbili na kidogo, oksijeni ni kama theluthi moja ya lita, na mwili uliotulia hutumia robo lita kwa dakika. Mwenye kuhangaika hutumia zaidi. Damu nayo ina akiba yake, lakini baada ya dakika chache atazimia, na zikifika kama nne ubongo unaanza kuharibika. Mtu mmoja apige simu kuita msaada, ila kijana asisubiri gari.

Anamwinamisha mzee mbele, anamshika kifua kwa mkono mmoja, na kwa kitako cha kiganja cha mkono wa pili anampiga mara 5 kwa nguvu katikati ya mabega. Heimlich mwenyewe alipinga sana mapigo ya mgongoni, akisema yanashusha tonge. Miongozo ya leo haikumfuata katika hilo: inashauri mapigo 5 ya mgongoni, kisha misukumo 5 ya tumbo, kwa zamu. Naona miongozo iko sahihi, kwa sababu mara nyingi njia moja hulegeza tonge na nyingine hulitoa. Muhimu ni mgonjwa awe ameinama, ili tonge likilegea lidondokee mdomoni.

Mapigo hayakutosha. Kijana anasimama nyuma ya mzee, mguu mmoja kati ya miguu ya mzee ili amdake akilegea. Anakunja ngumi na kuiweka juu kidogo ya kitovu, chini kabisa ya ncha ya mfupa wa kidari, upande wa kidole gumba ukigusa tumbo. Anaishika ngumi kwa mkono wa pili na kuvuta kwa ghafla, ndani na juu. Kosa la kawaida ni kukumbatia mbavu na kuzibana: mgonjwa anaumia, kiwambo hakipandi ipasavyo. Kila mvuto uwe mmoja kamili, uachiwe, kisha ufuate mwingine. Kwenye mvuto wa tatu kunasikika mluzi mkavu. Tonge limesogea, upenyo umepatikana, hewa imeingia. Kijana anaacha, kwa sababu mzee sasa anaweza kuvuta pumzi, na kikohozi chake kinamaliza kazi.

Si kila mtu anasukumwa tumbo. Mjamzito na mtu mnene sana ambaye mikono haimzunguki husukumwa katikati ya kidari. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiguswe tumbo, kwa kuwa ini lake ni kubwa na halijakingwa vizuri na mbavu. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5 kwa kitako cha kiganja. Kisha mgeuze chali umkandamize kidarini mara 5. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani. Akiwa mtu mzima na amezimia, mlaze chali uanze kukandamiza kifua kama kwa aliyesimama moyo, na utazame mdomoni kila kabla ya kumpulizia pumzi. Aliye peke yake anaweza kujiangushia tumbo kwenye mgongo wa kiti.

Tonge likitoka, usimwache aliyesukumwa tumbo arudi mezani na yakaishia hapo. Msukumo uliotosha kuinua kiwambo unaweza kuvunja ubavu au kupasua ini, wengu au mfuko wa chakula, na damu ikavuja ndani bila dalili za haraka. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama anasema amepona, na umweleze daktari kwamba tumbo lake lilisukumwa na mara ngapi.