Kumsaka Kakakuona Bila Kurudi Nyuma

Mtu akichapa haraka, kidole huweza kurudia silabi, na “kakakuona” akaandikwa “kakakakuona”. Sasa iambie kompyuta ilitafute neno sahihi, lenye herufi 9, ndani ya mfuatano huo wa herufi 11. Msomaji akitazama vizuri ataona kwamba neno limo, linaanzia herufi ya tatu. Kompyuta hailioni neno zima namna hiyo. Hulinganisha herufi na herufi, jozi baada ya jozi.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuliweka neno chini ya herufi ya kwanza ya maandishi na kulinganisha. “Kakak” inakubali, lakini herufi ya sita ya maandishi ni “a” na neno linataka “u”. Ulinganisho 6 umeshatumika. Kompyuta inasahau yote iliyoyaona, inasogeza neno hatua moja na kuanza upya: “a” dhidi ya “k”, hapana. Inasogeza tena, na safari hii herufi zote 9 zinakubali. Jumla ni ulinganisho 16.

Hasara hiyo ni ndogo, na katika maandishi ya kawaida huwa hivyo hivyo, kwa sababu mara nyingi neno hukataliwa kwenye herufi ya kwanza au ya pili. Balaa huja pale herufi zinapojirudia sana. Chukua maandishi ya “a” milioni 1, kisha utafute “a” 999 zinazofuatwa na “b” moja. Kila nafasi itakubali mara 999 kabla ya kukataa, na kazi yote itafika karibu ulinganisho bilioni 1.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 James Morris alikumbana na tatizo hili alipokuwa akitengeneza programu ya kuhariri maandishi kwenye kompyuta ya CDC 6400. Alitaka programu isilazimike kurudi nyuma katika maandishi iliyokwisha kuyasoma. Alifaulu, ila njia yake ilikuwa ngumu kueleweka, na baadaye mwenzake mmoja aliiharibu akidhani anairekebisha. Donald Knuth aliifikia njia hiyo hiyo kwa kupitia nadharia, na mwaka 1977 wawili hao pamoja na Vaughan Pratt walichapisha makala iliyoipa majina yao matatu.

Siri yake ni jedwali linaloandaliwa kabla ya kuyagusa maandishi. Kwa kila nafasi ya neno tunauliza: kipande kinachoishia hapa kinamalizika kwa herufi ngapi ambazo ndizo pia kinaanza nazo? Kipande kizima hakihesabiwi, la sivyo jibu lingekuwa urefu wake kila mara.

“K” peke yake inapata 0. “Ka” inaanza na “k” na kuishia na “a”, nayo ni 0. “Kak” inaanza na kuishia na “k”: 1. “Kaka” ina “ka” pande zote mbili: 2. “Kakak” ina “kak” mwanzoni na “kak” mwishoni. “K” ya katikati inatumika pande zote mbili, na hilo linaruhusiwa: 3.

Ikifika “u” mambo yanabadilika. Ili kupata 4, herufi hii ingepaswa kuwa sawa na herufi ya nne ya neno, “a”. Si sawa. Hapo wanafunzi wengi hukimbilia kuandika 0. Jibu hapa ni 0 kweli, lakini si la kukurupukia: tazama kwanza namba ya nafasi ya 3, ambayo ni 1, kisha uilinganishe “u” na herufi ya pili, “a”. Hapana. Baada ya hapo inabaki kuilinganisha na ya kwanza, “k”. Hapana tena. Ndipo 0 inaandikwa. Herufi tatu zilizobaki nazo hazianzishi chochote.

```
nafasi  1 2 3 4 5 6 7 8 9
herufi  k a k a k u o n a
namba   0 0 1 2 3 0 0 0 0
```

Rudi sasa kwenye maandishi. Herufi 5 zimekubali, ya sita imekataa. Jedwali linasema nafasi ya 5 ina 3, kwa hiyo “kak” imeshathibitishwa na hairudiwi. Herufi ile ile ya sita inalinganishwa na herufi ya nne ya neno: “a” na “a”. Zinazofuata, “k-u-o-n-a”, zinakubali zote. Jumla ni ulinganisho 12, na hakuna herufi ya maandishi iliyorudiwa baada ya kukubaliwa. Kwenye ule mfano wa “a” milioni 1, utafutaji hauzidi ulinganisho milioni 2.

Jedwali likikosewa, programu haitoi onyo lolote. Ukiandika 1 badala ya 3 kwenye nafasi ya 5, neno litasogezwa mbali mno na kakakuona atapitwa kimya kimya. Kwa hiyo programu ya namna hii ijaribiwe kwa maneno yanayojirudia. Neno kama “samaki” haliwezi kufichua kosa, kwa kuwa jedwali lake ni sifuri tupu. Jaribu “polepole” kwa kalamu na karatasi: ukipata 0 0 0 0 1 2 3 4, umepatia.