Mfalme Aliyezibwa na Kete Zake

Katika sataranji, mfalme anayepigwa cheki ana njia tatu za kujiokoa: kuhama, kuila kete inayomtisha, au kuweka kete nyingine katikati. Cheki ya farasi huifuta njia ya tatu, kwa maana farasi huruka na hakuna wa kumzuia njiani. Mfalme akiwa amezungukwa na kete zake mwenyewe, ya kwanza nayo hufungwa. Hubaki moja tu: kumla farasi. Ikishindikana, mchezo umekwisha.

Hii ndiyo chekimeti ya kuzibwa, na kwa kawaida farasi ndiye anayeimaliza. Malkia, ngome na askofu hutembea kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kete zilizomzunguka mfalme humkinga dhidi yao. Kwa farasi, kete hizohizo si kinga bali ni ukuta unaomfungia mfalme ndani. Ndiyo maana hatari hii huwa kubwa zaidi pembeni kabisa mwa ubao: mfalme aliye kwenye kona ana miraba mitatu tu ya kukimbilia, na mitatu ni rahisi kuijaza.

Mfano maarufu kuliko yote umo katika kitabu cha Mhispania Lucena, kilichochapwa Salamanca mwaka 1497. Hata hivyo wachezaji wengi huuita urithi wa Philidor, kwa jina la bingwa wa Ufaransa wa karne ya 18. Chukua ubao uufuate.

Mweusi ana mfalme g8, askari g7 na h7, ngome e8 na malkia b2. Mweupe ana mfalme g1, askari f2, g2 na h2, na farasi g5. Malkia wake ametua c4 sasa hivi na kupiga cheki. Mweusi akimpeleka mfalme f8, malkia huingia f7 na kumaliza kazi, kwa kuwa farasi wa g5 anamlinda pale. Akiziba kwa ngome e6, malkia huila kwa cheki, na chekimeti hufuata hatua inayofuata. Basi mfalme anakwenda h8.

Farasi anaruka f7 na kupiga cheki. Mfalme hana budi kurudi g8. Hapa ndipo penye kiini cha mbinu: farasi anahamia h6, na kwa kuondoka f7 anamfungulia malkia wa c4 njia. Mfalme anapigwa cheki mbili kwa pamoja. Askari wa g7 angeweza kumla farasi, lakini cheki ya malkia ingebaki palepale; cheki mbili haziondolewi ila kwa mfalme kuhama. Akienda f8, malkia humfunga tena f7, safari hii akilindwa na farasi wa h6. Anarudi h8.

Sasa mweupe anamtoa malkia wake sadaka: anamweka g8, ubavuni mwa mfalme. Mfalme hawezi kumla, kwani farasi wa h6 anaulinda mraba huo. Ngome peke yake ndiyo inayoweza, na sheria inailazimisha. Ikishamla, imeuziba mraba wa mwisho uliokuwa wazi. Farasi anarudi f7 na kupiga cheki. g8 ina ngome, g7 na h7 zina askari, na hakuna kete nyeusi inayoifikia f7. Chekimeti.

Usiukariri mpangilio bila kuupima, maana tofauti ndogo huuvunja. Ngome nyeusi ikiwa f8 badala ya e8, itamla farasi mara tu anapotua f7. Askari wa h7 akiwa ameshasogea h6, mfalme ana h7 ya kukimbilia, na farasi hapati mahali pa kupigia cheki mbili. Kwa hiyo kabla ya kumtoa malkia jiulize mambo mawili: nani anaweza kuila kete itakayotua f7, na mfalme ana mraba gani ulio tupu?

Si lazima ifike mwisho wa mchezo. Katika ufunguzi wa Caro-Kann, mweupe huanza e4 na mweusi hujibu c6. Kisha d4 na d5, farasi c3, askari wa d5 anakula e4, na farasi anamla hapo. Mweusi akisogeza farasi d7, mweupe huweka malkia e2. Mweusi akimtoa farasi wa pili f6 bila kufikiri, farasi mweupe hutua d6 na mchezo umekwisha katika hatua ya sita. Askari wa e7 anaonekana kama angeweza kumla, lakini akitoka e7 anamwacha mfalme wake wazi mbele ya malkia wa e2, na sheria inakataza hilo. Mfalme wa e8 amezibwa na malkia, askofu, farasi na askari wake.

Dawa yake ni kutazama mapema. Kila farasi wa mpinzani anapokaribia, hesabu miraba iliyo wazi pembeni mwa mfalme wako. Ikiwa hakuna hata mmoja, tafuta hatua ya kumpatia nafasi, mara nyingi askari wa h kusogea mraba mmoja, kabla malkia hajapiga cheki ya kwanza. Katika mpangilio tuliouona, baada ya cheki ya c4 kila jibu la mweusi lilimfikisha kwenye chekimeti.