Nusu Mtu Katika Fomu ya Viza

Kina mama wanaotaka kuwafuata waume wao Uingereza hutuuliza zaidi kuhusu mshahara. Wana haki. Tangu Aprili 2024, kwa maombi mapya, mume mwenye ukaazi wa kudumu kule kwa kawaida hutakiwa kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na idadi ya watoto haikiongezi kiwango hicho. Hati zake za mshahara za miezi sita sharti zilingane na fedha zilizoingia benki. Chumo la mke huku Mombasa halihesabiwi.

Lakini nyumba nayo ina hesabu yake, tena ya ajabu kidogo. Sebule huhesabiwa kuwa chumba cha kulala, na vyumba viwili, vikiwa na upana wa kutosha, ni vya watu watatu. Mtoto aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka kumi ni nusu mtu. Basi mume, mke na watoto wa miaka saba na tisa huenea barabara katika nyumba ya chumba kimoja na sebule. Mkubwa akitimiza kumi, idadi yapanda hadi watatu na nusu, na nyumba ile ile sasa huitwa ya msongamano. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa ya mtoto itazamwe kabla mume hajatia saini mkataba wa pango. Barua ya mwenye nyumba nayo itaje vyumba vyote na kila akaaye humo, hata ndugu aliyepewa hifadhi sebuleni, maana naye ni mtu mzima mmoja.